Msitu Ulipogeuka Miti

Mzee aliyenipokea alinipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, kihambani. Ilikuwa saa sita mchana, lakini chini ya ile mruka kulikuwa na giza kama la magharibi. Matawi yalikuwa yameshonana juu, migomba imerefuka kutafuta jua, na mibuni iliyokuwa chini yake imebeba punje za kijani zenye mabaka meusi yaliyobonyea. Hata asiye bwana shamba angeitambua: chulebuni, ugonjwa unaopenda unyevu na hewa isiyotembea.

"Mwanangu," akaniambia, "mruka huu nilikuwa naupunguza matawi kila mwaka baada ya mavuno. Baba yangu naye alikuwa akiupunguza. Sasa chama kimesema mnunuzi hataki mti ukatwe. Nimeuacha misimu miwili. Ona."

Tukashuka pamoja hadi ghala la chama cha msingi. Kwenye ukuta, juu ya mizani, palibandikwa karatasi mbili zenye kichwa cha maneno "Kanuni za Maadili za Msambazaji". Kifungu cha tano kilikuwa kifupi na hakina kona: "Mkulima haruhusiwi kukata miti." Niliomba nakala ya Kiingereza, ikatolewa kwenye kabati la katibu ikiwa bado na mikunjo ya bahasha. Kifungu cha tano hakikusema hivyo hata kidogo. Kilisema kwamba mnunuzi hatapokea kahawa iliyotoka kwenye ardhi ambayo ilikuwa msitu, ikafyekwa kuwa shamba baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mruka wa mzee, uliopandwa kabla yeye hajazaliwa, haukuwa na habari na jambo hilo.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kutafsiri upya kanuni za mnunuzi kwa chama kimoja cha kahawa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro. Ilikuwa hati ya kurasa 18. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilichukua karibu miezi minne, na sehemu kubwa ya muda huo haikwenda kwenye kuandika bali kwenye kuuliza.

Kanuni za namna hii zimekuwa sehemu ya biashara ya kahawa kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Starbucks walianza mpango wao wa C.A.F.E. Practices mwaka 2004. Rainforest Alliance wana kiwango chao, na wakaangaji wengi wa Ulaya wana hati zao wenyewe. Mnunuzi humpa msafirishaji, msafirishaji hukipa chama, chama huwapa wanachama. Kila hatua karatasi ni ileile, lakini anayesaini hubadilika, na wa mwisho kabisa ndiye asiyesoma lugha iliyoandikwa. Tarehe ile ya 31 Desemba 2020 haikutungwa na mnunuzi. Imetoka kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayozuia bidhaa zilizotokana na misitu iliyofyekwa, kahawa ikiwa mojawapo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi walikwisha kuiingiza kwenye mikataba yao mapema.

Aliyetafsiri mara ya kwanza hakuwa mzembe. Fungua gazeti lolote letu utakuta habari za uharibifu wa misitu zimeandikwa "ukataji miti", nasi tumezoea. Ila gazeti halimwadhibu mtu. Sheria ya Ulaya inaposema msitu inamaanisha kitu chenye vipimo: eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kupita urefu wa mita 5, na kivuli cha matawi kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Tena inatoa nje ardhi ambayo matumizi yake makubwa ni kilimo. Kihamba cha Mchaga, chenye mibuni chini, migomba katikati na mruka au mringaringa juu, kinaweza kumdanganya mtu anayekitazama kutoka angani, lakini ni shamba, na kilikuwa shamba kabla ya mikataba hii yote.

Neno moja likibadilika, madhara yanakwenda pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mzee: anaacha kazi halali ya shamba, kivuli kinazidi, ugonjwa unaingia. Upande wa pili ni mbaya zaidi, nao hauonekani mpaka mkaguzi aje. Mkaguzi anafika, anaona kisiki kipya, anamuuliza mkulima: umevunja kanuni? Mkulima, ambaye kanuni anayoijua ni ile ya ukutani, anakiri kwa uaminifu kwamba ndiyo, alikata mti mmoja kupata mbao za mlango. Amekiri kosa ambalo halimo kwenye kanuni, na ungamo hilo linaandikwa kwenye ripoti kwa Kiingereza.

Kifungu kipya tulikiandika hivi: "Chama hakitapokea kahawa kutoka shamba lililopatikana kwa kufyeka msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kupunguza matawi ya miti ya kivuli, au kukata mti mmoja mmoja kihambani, si kufyeka msitu. Kama mti huo unahitaji kibali cha serikali, kibali kichukuliwe kwanza." Sentensi ya pili haimo kwenye Kiingereza. Niliiongeza, nikamwandikia mnunuzi kwamba nimeiongeza na kwa nini, naye akaikubali kwa maandishi. Mtafsiri wa riwaya akiongeza sentensi ni makosa. Hapa, bila ile sentensi, ya kwanza ingeendelea kusomwa kwa macho ya karatasi ya zamani.

Kifungu kilichofuata kilitaka mahali pa kila shamba pajulikane. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, alama moja ya latitudo na longitudo inatosha, na wanachama wote wa chama hiki wako chini ya hapo kwa mbali. Tafsiri ya zamani ilisema "mashamba yote yatapimwa". Katibu alinieleza kilichotokea siku vijana wa chama walipopita na simu zao: kaya kadhaa zilifunga mageti. Kwa mtu mwenye ardhi Kilimanjaro, shamba kupimwa ni jambo la mipaka, hati na kesi za urithi. Anapoambiwa Mzungu wa kahawa anataka kupima kihamba, anachokisikia ni kwamba kihamba kinaondoka. Tuliandika kwamba kijana wa chama atasimama shambani na kuchukua kwa simu alama inayoonyesha shamba lilipo, kwamba mipaka haitapimwa, na kwamba alama hiyo haibadilishi umiliki wa mtu. Maneno yalikuwa mara tatu ya yale ya Kiingereza. Sikujali.

Kabla ya kufika huko lakini, nilikuwa nimekwama kwenye kichwa cha habari chenyewe. "Kanuni za maadili" ni tafsiri iliyozoeleka maofisini. Kijijini, maadili ni mambo ya ulevi, wizi, na vijana wasioamkia wakubwa. Mama mmoja wa bodi alisema waziwazi kwamba alipoona kichwa kile alijua karatasi haimhusu, maana yeye ni mtu wa kanisa. Nilitaka kuandika "Masharti ya Mnunuzi", katibu akanizuia, na alikuwa sahihi. Ushirika una masharti yake, yale yaliyosajiliwa, yanayomwezesha mwanachama kufukuzwa au kuchaguliwa. Ukiita karatasi ya mnunuzi masharti, mkutano mkuu utauliza ni lini uliyapitisha. Tukakubaliana na "Kanuni za Mnunuzi wa Kahawa". Na "msambazaji" tukamtoa kabisa, kwa sababu hakuna mtu ghalani aliyejiona kuwa ndiye. Soda ina msambazaji. Kahawa ina mkulima, chama na msafirishaji.

Kumtoa huyo msambazaji ndiko kulikofungua tatizo kubwa la hati nzima. Kiingereza cha mikataba kinapenda sentensi zisizo na mtenda. Vifaa kinga vinavyofaa vitolewe bure kwa wafanyakazi: hivyo ndivyo kifungu kimoja kilivyosema, na kwa Kiingereza kimetulia. Kwa Kiswahili unaweza kukifuata vilevile, "wafanyakazi wapewe vifaa kinga", na sarufi haitakulaumu. Lakini soma sentensi hiyo mbele ya wakulima 30 uone. Kila mmoja atageuka kumtazama mwenzake. Wapewe na nani? Chama? Mimi? Serikali?

Na mfanyakazi ni nani? Wengi waliniambia hawana mfanyakazi. Walisema kweli. Mfanyakazi, kwa masikio ya kule, ni mtu wa mshahara wa mwezi, wa benki au halmashauri. Anayekuja kuchuma kahawa na kulipwa kwa debe, au kupulizia dawa kwa siku mbili, ni kibarua. Neno lenyewe lilitokana na barua, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, na hadi leo limebaki na harufu ya mtu asiye na mkataba. Mnunuzi alikuwa amewakusudia hasa vibarua. Tafsiri iliyosema "wafanyakazi" iliwaacha nje ya kila kifungu kilichoandikwa kwa ajili yao, na wakulima wakasaini wakiamini kurasa nne nzima zinahusu watu wengine.

Niliandika swali kwa mnunuzi: katika kifungu hiki, nani ananunua vifaa? Jibu lilikuja baada ya siku 10, likisema ni yule anayemwajiri mtu huyo. Maana yake ni mwenye kihamba. Bodi ilipolisikia jibu hilo ilikaa kimya kidogo, kisha mwenyekiti akapiga hesabu kwa sauti. Mkulima mwenye mibuni 300 anamwita mpuliziaji siku chache tu kwa mwaka. Akinunua mabuti ya mpira, glavu, barakoa, miwani na ovaroli kwa ajili ya siku hizo, faida ya gunia zima imekwenda. Uamuzi uliotoka ni kwamba chama kitanunua seti sita na kuziweka ghalani za kuazima. Kifungu cha Kiswahili kikawa: "Ukimwita kibarua kupulizia dawa kihambani kwako, ni lazima wewe mwenye shamba uhakikishe amevaa mabuti, glavu, barakoa, miwani na nguo inayofunika mwili wote. Seti zinaazimwa ghalani. Usimkate kibarua hela yoyote kwa ajili ya vifaa hivyo."

Kifungu hicho kinaonyesha pia kwa nini nilishika "lazima" kwa mikono miwili. Hati ilikuwa na ngazi mbili. Kuna makosa ambayo ukiyatenda mkataba unavunjika papo hapo, na kuna mambo ambayo chama kinapewa misimu kadhaa ya kuyarekebisha. Kiingereza kilizitenganisha kwa neno dogo la kitenzi. Tafsiri ya zamani ilisema "inapaswa" kila mahali, kwa hiyo kumwajiri mtoto na kutokuwa na sanduku la huduma ya kwanza vikaonekana makosa ya uzito mmoja. Mimi nilitumia "ni lazima" na "ni marufuku" kwa ngazi ya kwanza, na kwa ya pili nikaandika jambo pamoja na muda wake: "kabla ya msimu wa pili". Sikuruhusu "inapaswa" hata mara moja. Ni neno la adabu, na kila mtu hulisikia kwa kiwango anachotaka.

Kifungu cha watoto ndicho kilichotuchukua siku nyingi zaidi. Nilipokisoma kwa sauti mara ya kwanza, nikiwa bado na "mtoto" kama neno langu, mzee mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, mtoto wangu ana miaka 42, yuko Dar. Akija Desemba asichume?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilifuta neno. Kwa Kiswahili mtoto ni mtoto wa mtu, na hana umri. Pale palipohitaji umri tuliandika umri.

Umri upi? Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyetimiza 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumwathiri shuleni. Hati ya mnunuzi ilisema miaka 15, au umri wa kumaliza elimu ya lazima, wowote ulio mkubwa. Tafsiri ya zamani iliishia kwenye 15 na kuacha mkia. Mkia huo una uzito. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 atamaliza miaka hiyo 10 akiwa na 16. Je, kikomo cha chama ni 15 au 16? Sikuwa na mamlaka ya kuamua. Kama ningechagua 15 peke yangu, mkaguzi mkali angeweza kumkuta kijana wa miaka 15 na nusu akichuma kwa malipo na kukifungia chama mlango. Nilipeleka swali. Mnunuzi naye alilipeleka kwa mwanasheria wake. Wiki tatu. Jibu: kikomo ni 15 kwa msimu huu, kitapanda utaratibu mpya wa elimu utakapoanza kuwahusu watoto wa umri huo, na hakuna mwanafunzi wa umri wowote atakayeajiriwa saa za shule. Tuliandika hivyohivyo, pamoja na tarehe ya jibu.

Kisha kuna mtoto wa nyumbani, na hapa ndipo watu walipokuwa na hasira hasa. Karatasi ya kwanza ilisema "kazi za watoto ni marufuku". Mama mmoja aliniuliza kama binti yake wa darasa la tano asichote hata maji. Alikuwa ameonywa na jirani kwamba mkaguzi akimkuta binti na kikapu, kahawa ya kijiji kizima itakataliwa, kwa hiyo wiki ya ukaguzi watoto walifungiwa ndani. Hati ya Kiingereza haikutaka hilo. Iliruhusu watoto wa familia kusaidia kihambani kwao, kwa kazi nyepesi, nje ya saa za shule, wakiwa na mtu mzima. Kilichokatazwa ni kile ambacho serikali yetu inakiita utumikishwaji wa watoto, na neno hilo lina faida: kile kitenzi cha kutumikisha kinabeba uzito wa kumkandamiza mtu, jambo ambalo "kazi" haina.

Hata hivyo "kazi nyepesi" ni maneno matupu mpaka uyapeleke shambani. Tuliketi na akina mama watano na bwana shamba, tukaorodhesha kazi zote za kahawa kuanzia palizi hadi kuanika. Kuchuma matawi ya chini, kuokota punje zilizoanguka, kuchambua kahawa kwenye meza ya kuanikia: nyepesi. Kubeba debe lililojaa kichwani kwenye mteremko: hapana. Panga la kupogolea: hapana. Bomba la dawa, kuchanganya dawa, kufua nguo za mpuliziaji au kuingia shambani siku dawa ilipopigwa: hapana kwa yeyote aliye chini ya miaka 18, awe wa nyumbani au wa kuajiriwa. Suala la kufua nguo lilitoka kwa mama mmojawapo. Halikuwamo kwenye Kiingereza, wala kichwani mwangu.

Tukiwa kwenye dawa: neno la serikali ni viuatilifu, na tuna mamlaka nzima yenye neno hilo kwenye jina lake. Nililiandika kwa fahari. Kwenye usomaji wa kwanza, katika watu 12 niliowauliza, wanne walilijua. Wengine walinyamaza kwa heshima, na mmoja alidhani ni aina ya mbolea. Wote walisema dawa. Tabu ya dawa ni kwamba ndiyo hiyohiyo ya homa. Inatibu, kwa hiyo iliyo nyingi inatibu zaidi, na chupa yake ikiisha ni chupa nzuri tu ya kuwekea mafuta ya taa. Tukaandika "dawa ya shamba (kiuatilifu)" mara ya kwanza, kisha "dawa ya shamba" hadi mwisho, na kwenye vifungu vya kuhifadhi na kutupa tukaandika "sumu" bila aibu: "Chupa ya dawa ya shamba ni chupa ya sumu hata ikiwa tupu. Isuuze mara tatu, mimina maji hayo kwenye bomba, itoboe, irudishe ghalani."

Orodha ya dawa zilizokatazwa ilikuwa kiambatisho cha kurasa mbili za majina ya kikemia. Hayo hayatafsiriki, na kuyaandika endosalfani au parakwati hakumsaidii mtu. Endosalfani imo kwenye orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Stokholmu tangu mwaka 2011, lakini hakuna mkulima aliyewahi kuingia dukani akaiomba kwa jina hilo. Dukani kuna majina ya biashara na rangi za lebo. Na rangi zina mtego wake: mstari mwekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani, kwa hiyo watu wanaamini kijani ni ruhusa. Si ruhusa ya mnunuzi. Mnunuzi anaweza kukataa dawa ya mstari wa bluu kwa sababu ya nyuki au samaki. Mimi na bwana shamba tulizunguka maduka matatu ya pembejeo, tukasoma maandishi madogo ya kila chupa inayouzwa kwa ajili ya kahawa, na kutengeneza jedwali la majina ya dukani: hii ndiyo, hii hapana. Jedwali hilo halikuwa tafsiri, na nilimwambia mnunuzi hivyo. Lakini bila hilo, kifungu kilikuwa sahihi na hakina kazi. Kasoro yake ni kwamba linachakaa: dawa mpya ikiingia sokoni, jedwali halilijui jina lake, kwa hiyo chini yake tuliandika kwamba dawa isiyomo iulizwe kwanza kwa bwana shamba.

Kuna swali moja ambalo bado hulisimulia. Kifungu cha kazi za shuruti kilisema hakuna mtu atakayefanyishwa kazi bila hiari yake au kwa kutishiwa adhabu. Mzee yule wa nyuma, yule wa mtoto wa miaka 42, akasimama tena. "Kwa hiyo msaragambo umefutwa?" Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua mfongo au kutengeneza barabara, na asiyefika hulipa faini. Bila hiari, na kuna adhabu. Kwa maneno ya kifungu, alikuwa amenibana. Ila hati ya mnunuzi ilirejelea Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, na mkataba huo wenyewe unazitoa nje kazi ndogondogo za jamii zinazofanywa na wanajamii kwa manufaa yao, mradi wameshauriwa kama zinahitajika. Tuliongeza mstari: msaragambo wa kijiji haukatazwi, kuchuma kahawa ya mwenyekiti kwa jina la msaragambo kunakatazwa. Mwenyekiti alikuwepo. Alisema sawa.

Mnunuzi alitaka tafsiri ihakikiwe kwa njia inayopendwa na makampuni: mtu mwingine airudishe Kiswahili changu kwenye Kiingereza bila kuona hati ya awali, kisha Kiingereza viwili vilinganishwe. Tulifanya, na inasaidia kukamata kilichorukwa, kama ule mkia wa umri. Lakini haikamati kosa la miti. "Haruhusiwi kukata miti" ikirudishwa Kiingereza inatoka ikiwa inafanana vya kutosha na zuio la kuharibu misitu, na mhariri wa Ulaya ataitikia kwa kichwa. Kosa halikuwa kwenye karatasi, lilikuwa kwa mzee chini ya mruka.

Kwa hiyo tulikuwa na njia ya pili, waliyonayo wauguzi wanapomwelekeza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. Unasoma kifungu mara moja, unafunika karatasi, unauliza: "Kesho asubuhi utafanya nini tofauti na jana?" Huulizi kama ameelewa, kila mtu ataitikia. Watu wawili katika kikundi wakitoa majibu mawili, kifungu kinarudi mezani. Kile cha malalamiko kilirudi mara tatu. Niliandika kwamba mlalamikaji "hatalipiziwa kisasi", na kila kikundi kikafikiria mapanga usiku. Kilichokusudiwa kilikuwa kidogo kuliko hapo na cha kawaida zaidi: kibarua akilalamika kuhusu malipo ya debe, msimu ujao asinyimwe kazi. Tukaandika hivyo.

Jambo la mwisho halikuwa la lugha kabisa, nalo liliniudhi kuliko yote. Ukurasa wa 18 ulisema kwamba tafsiri na hati ya Kiingereza zikipingana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Ni kifungu cha kawaida. Maana yake ni kwamba mkulima anasaini Kiswahili na kuhukumiwa kwa Kiingereza. Bodi iliomba nyongeza ya sentensi moja: mwanachama aliyefuata maandishi ya Kiswahili yaliyoidhinishwa na mnunuzi hatachukuliwa kuwa amevunja kanuni, bali maandishi ndiyo yatakayosahihishwa. Mazungumzo yalikwenda na kurudi kwa mwezi mzima. Sentensi iliingia, ikiwa imefupishwa na imewekewa kwamba haihusu makosa ya ngazi ya kwanza.

Msimu uliofuata nilipita kule kwa mambo mengine nikaingia ghalani kuamkia. Karatasi zetu zilikuwapo, toleo la 3, zenye tarehe chini ya kila ukurasa, zimewekwa kwenye plastiki karibu na mlango. Juu ya mizani, pale ambapo kila anayeleta kahawa husimama akitazama mshale, palibaki zile mbili za zamani. Kifungu cha tano kilikuwa kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Katibu alisema hakuna aliyemwambia azitoe. Akaleta kiti, tukazibandua, na gundi iliondoka na rangi ya ukuta.